Simu Iliyojifanya Inamjua Mke Wangu

Niseme mapema, msije mkanishangaa mbele ya safari. Nimevuka miaka hamsini, akili zangu ni timamu, na kwa muda wa wiki tatu niliionea wivu simu. Sisemi kulikuwa na mtu anapiga. Hapana. Nilikuwa naionea wivu simu yenyewe, ile ya mke wangu, yenye ufa kwenye kona na kava la maua yaliyofutika.

Mambo yalianzia kwenye kikao cha familia, sebuleni kwetu Kisesa. Tulikuwa tunajiandaa na jubilei ya miaka ishirini na tano ya ndoa yetu, na siku hiyo tulikuwa tunagawana kazi. Ndizi zingetoka ukweni kwangu, Kagera. Mbuzi ningetafuta mimi. Maturubai binti yetu angekodi mjini, kwa sababu yeye anasoma chuo pale Nyegezi na anajua wenye maturubai wote. Tulipofika kwenye muziki nikajiweka sawa kwenye kiti, maana kazi hiyo ilikuwa yangu tangu kabla ya ndoa yenyewe. Mke wangu alikuwa anashona pindo la gauni la mtu, wala hakuinua macho.

"Muziki utatoka kwenye simu yangu," akasema. "Ile ndiyo inanijua."

Wote wakaitikia, kikao kikahamia kwenye soda. Mimi nikabaki palepale kwenye muziki. Inamjua. Mimi nimelala kitanda kimoja na huyu mwanamke robo karne, najua sukari anayotaka kwenye chai na upande anaogeukia akinuna, halafu kitu cha kuchaji kwenye ukuta ndicho kinamjua.

Ili mnielewe uchungu wangu, lazima mjue nilikuwa nani. Miaka ya tisini, enzi za ruksa, bidhaa zilipoanza kumwagika madukani na kila mwenye shemeji Dubai akawa na redio ya kanda mbili, mimi nilikuwa na kibanda cha kurekodi kanda pale mjini Mwanza, jirani na soko. Mtu alikuja na kanda tupu, akaniambia anataka nini, kesho yake akaichukua imejaa. Lakini wengi hawakujua wanataka nini. Walisema tu, nitilie nzuri. Hapo ndipo ufundi wangu ulipokuwa. Nilikuwa na daftari la wateja, nimeandika kila mtu na masikio yake. Mwalimu mmoja wa Magu akipenda wimbo fulani, na mama muuza dagaa akipenda huohuo, basi ule wa pili alioupenda mama wa dagaa nilimtilia na mwalimu, bila kumuuliza. Mara nyingi alirudi anacheka. Mtu akirudisha kanda nikaona utepe umelegea sehemu moja, nilijua wimbo huo anauvusha kwa kuzungusha na kalamu, nikauandikia msalaba.

Sasa, kulikuwa na tatizo la majina. Nyimbo nyingi za dansi zilikuwa za Kilingala, na mimi Kilingala sikijui hata cha kuombea maji. Kanda zenyewe zilinifikia zikiwa nakala ya nakala, jalada hakuna. Kwa hiyo nilizibatiza mwenyewe. Uliokuwa na gitaa la huzuni niliuita "Gitaa Linalolia". Kulikuwa na "Polepole Halafu Balaa". Kulikuwa na "Yule wa Trekta", kwa sababu besi yake mwanzoni inaguruma kama trekta linalowashwa asubuhi ya baridi, linakataa, linakataa, halafu linakubali. Mji mzima wa wateja wangu ulizijua nyimbo kwa majina hayo. Majina halisi sikuwahi kuyajua, wala hayakunikosesha usingizi.

Mke wangu alikuja kama mteja. Alikuwa anajifunza ushonaji, binti wa Kilutheri kutoka familia ya wakulima wa kahawa, anaongea Kiswahili cha kuchagua maneno. Akasema nimtilie nzuri. Nilikesha na ile kanda. Dakika tisini, nyimbo kumi na mbili, sita huku na sita kule, na wa mwisho kabisa nikamwekea "Yule wa Trekta", kwa sababu nilitaka amalize akiwa amesimama. Akasafiri nayo kwenda kwao kwa basi. Wakisubiri kivuko cha kwenda Busisi, dereva aliiomba akaicheza, na yeye anasema abiria walishuka wakacheza mchangani. Aliporudi aliniambia nimempatia. Neno lake lilikuwa hilohilo, umenipatia. Nikamwoa.

Baadaye redio za FM zikaja, zikaja sidii, kibanda kikafa, nikaenda kuuza misumari na mabati kwenye duka la vifaa vya ujenzi, ndiko niliko mpaka leo. Ile kanda ililiwa na redio miaka mingi iliyopita, utepe ukatoka nje, tukaukata na mkasi. Tulihuzunika wote wawili siku hiyo, kisha maisha yakaendelea.

Hivyo nilipoambiwa simu ndiyo inamjua, nilisikia kama nimeachishwa kazi mara ya pili. Nikaapa moyoni: kabla ya siku ya jubilei, huyu mama atakiri kwamba hiyo simu haimjui, na muziki nitachagua mimi.

Silaha alinipa binti yetu bila kujua. Yeye ndiye aliyemwekea mama yake programu ya muziki, na akaiweka kwa Kiswahili ili mama asihangaike. Jumapili moja nikamuuliza, nikijifanya mzee wa kupenda kuelimika tu, hiki kitu kinafanyaje kazi. Akanieleza vizuri, mtoto wangu ana subira. Akasema kila asubuhi programu inapanga upya michanganyiko ya siku. Haipangi kwa kusikia utamu kama mimi na wewe. Inatazama mtu amecheza nini, amekifikisha mwisho au amekikatisha. Kisha inatafuta watu wengine, wawe Kigoma, wawe Kampala, waliocheza vitu kama vyake, inaangalia wao wanapenda nini ambacho yeye hajakisikia. Inachanganya alivyovizoea na vichache vya kumjaribu, kwaya kwenye kundi lake, dansi kwenye kundi lake.

Nikamwambia hilo lilikuwa daftari langu. Akasema ndiyo baba, ila hili lina kurasa nyingi kidogo.

Nikauliza, na mtu akikosea? Akasema inajirekebisha kwa vitendo vya mtu. Ukiruka wimbo sekunde chache baada ya kuanza, inahesabu haukukupendeza. Ukiuacha mpaka mwisho, inahesabu ulikufaa. Ukibonyeza alama ya moyo, hapo umesema kwa sauti. Na ukibonyeza "Ficha", umeikataza isikuletee tena. Haiulizi sababu, na haijui nani ameshika simu.

Haijui nani ameshika simu. Jamani, nilitabasamu mpaka binti akaniuliza kama niko sawa.

Kazi ikaanza jioni ileile. Mke wangu anashona siku nzima kwenye chumba cha mbele, spika za masikioni ndani ya masikio, miguu kwenye pedali, mikono kwenye kitambaa. Jioni anaiacha simu kwenye meza ya cherehani anakwenda jikoni. Mimi narudi kutoka dukani, nanawa, naingia mle kama mtu anayetafuta kalamu. Nilikuwa nazima sauti kabisa, nafungua mchanganyiko wake wa siku, halafu naruka. Wimbo unaanza, nahesabu tatu, naruka. Majina yote yalikuwa mageni kwangu, majina marefu ya Kilingala, nikasema ona takataka ambazo hii mashine inamlisha mke wangu. Ruka. Ruka. Siku nyingine niliruka mchanganyiko mzima, wali haujaiva.

Lakini kuruka peke yake kulikuwa kunanichosha, nikaamua kuipotosha pia. Nikatafuta matarumbeta, yale ya harusini, nikayaacha yacheze kimyakimya mpaka mwisho nikiwa naangalia taarifa ya habari. Yakafuatana matarumbeta kumi na mawili. Nikayawekea moyo yote.

Baada ya siku mbili nikaingia chumba cha mbele kuona matokeo. Mke wangu alikuwa anapiga pedali kama anakimbizwa. Kwenye ukuta zilining'inia gauni nne zilizotakiwa Ijumaa, na ilikuwa Jumatano. Akanitolea spika moja ya sikioni nisikilize. Matarumbeta. Akasema simu imegundua kwamba asubuhi anahitaji kitu cha kumwamsha miguu, na hata yeye mwenyewe alikuwa hajui. Akaibusu. Simu hiyo, mbele yangu, akaibusu.

Nikatoka nje nikapiga teke ndoo. Ndoo ilikuwa na maji.

Haikuwa mwisho. Jumamosi wakaja wapambe wa bibi harusi mmoja, mabinti sita wanene wazuri, kujaribu gauni. Mke wangu ana utaratibu wake: gauni halitoki kwake mpaka lichezewe, ili mshono ukikatika ukatikie kwa fundi na siyo ukumbini. Wakachukua simu yake, wakaweka wimbo wa kuingilia, wakaingia uani kwetu kwa madaha. Wakakosea hatua, wakarudi. Wakaingia tena. Nilihesabu mpaka mara kumi na tisa nikaacha, kuku wenyewe walikuwa wameshajua hatua. Na kila mara wimbo ulifika mwisho. Nikaona programu huko iliko inaandika kwa bidii, huyu mama wa Kisesa anaupenda wimbo huu hadi maradhi.

Kesho yake mchanganyiko wa kwanza ulikuwa harusi tupu, na mke wangu akakunja uso kidogo. Nikaongeza kuni. Nilikuwa nimeona kwenye programu kuna sauti za mvua, eti za kulalia. Nikaziacha zicheze mchana kutwa wa Jumapili hiyohiyo wakati yeye yuko kwenye vikao vya kanisani, simu kaisahau kwenye chaji.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa nimekaa uani, jua la saa saba linachoma mpaka mabati yanalia. Mke wangu akatoka chumba cha mbele mbio, futi ya kupimia shingoni, spika masikioni, akaniambia nimekaa tu kama mgeni na nguo zinalowa. Akaanza kuanua. Nikasimama nikaanua na mimi, ningefanya nini. Tumefika katikati ya kamba, shati langu mkononi mwake limekauka mpaka linasimama lenyewe, akatazama juu. Akatoa spika moja. Akatazama juu tena.

Alirudisha nguo moja moja kwenye kamba, na mimi nikazirudisha upande wangu, macho chini. Nilicheka baadaye nikiwa chooni, kwa kuuma taulo.

Ila toka siku ile akabadilika. Akawa hafungui michanganyiko asubuhi. Anashona kimya, pedali inakwenda taratibu, na mteja akiuliza mbona leo hakuna muziki anasema kichwa kinamgonga. Nilijiambia ndicho nilichokitaka. Lakini roho haikutulia kama nilivyotegemea. Nyumba ilipoa vibaya.

Ijumaa, siku moja kabla ya jubilei, akanijia nikiwa nanoa kisu cha mbuzi.

"Muziki chagua wewe," akasema. "Hii simu haielewi tena."

Nilikuwa nimeshinda. Nikasema nitajitahidi, kwa sauti ya mtu mnyenyekevu, huku ndani napigiwa vigelegele. Halafu nikaona ana macho mekundu. Nikauliza ni nini. Akasema ni vumbi la kitambaa. Kitambaa cha kazi ya wiki ile kilikuwa satini, na satini haina vumbi.

Jumamosi asubuhi binti yetu akafika na maturubai kutoka Nyegezi. Kabla hata hajanywa chai, mama yake akamkalisha karibu na cherehani, akampa simu. Mimi nilikuwa mlangoni na orodha yangu ya nyimbo mkononi, nimeiandika kwenye karatasi usiku uliopita, nikitafuta kwa majina niliyoyakumbuka na kwa kweli nikipata chache sana.

Mke wangu akamwambia, michanganyiko imeharibika, sawa, lakini zile nyingine ziko salama, nitolee sasa ndiyo siku yake. Binti akauliza zipi. Akasema zile nilizozificha.

Binti akauliza polepole, mama, ulibonyeza "Ficha"? Akasema ndiyo. Zikija nzuri nabonyeza ficha. Zikaacha kuja, nikajua zimekaa vizuri.

Sasa ngoja niwaeleze jambo moja kuhusu nyumba yangu. Mke wangu ni mtu wa kuficha. Anaficha mkasi wa kitambaa tusikatie karatasi. Anaficha sukari nzuri ya wageni. Nikichelewa kutoka kazini, wengine wameshakula, anaingia chumbani anatoa sahani iliyofunikwa, kipande cha kichwa cha sato kile ninachokipenda, ananiambia nimekufichia. Kwake kitu kinachofichwa ni kitu chenye thamani. Kisicho na thamani kinaachwa mezani. Na sisi tukaenda kumpa simu iliyoandikwa Ficha.

Binti akamweleza. Kwamba kwenye programu ile kuficha ni kufukuza. Kwamba kila alipobonyeza pale, aliiambia sitaki, na kwa kuwa nyimbo zile zilikuwa za aina moja, iliona hata ndugu zao huyu mama hawapendi, ikapunguza dansi yote, ikabaki na vile ilivyodhani anavipenda. Mara kumi na moja, binti akasema akiangalia kwenye mipangilio, maana zote zilikuwa zimeorodheshwa pale, zimefifia. Mama, umezikana mara kumi na moja.

Mke wangu akashika mdomo. Binti akaibonyeza ya kwanza kuirejesha, akatoa spika za masikioni, akaiacha iimbe chumbani.

Gitaa likaanza kulia.

Lile gitaa. Nililijua kabla ya kupumua. Nikaingia mpaka ndani na karatasi yangu nikasema, hiyo ni "Gitaa Linalolia". Kwenye kioo pameandikwa jina refu la Kilingala ambalo kwa macho yangu nililiruka labda mara sita. Binti akarejesha ya pili. "Polepole Halafu Balaa". Ya tatu, ya nne. Zilikuwa za kanda yangu. Kumi na moja kati ya kumi na mbili, zote nimewahi kumrekodia msichana mmoja mwenye kuchagua maneno.

Nikauliza amezipata wapi. Akasema aliukumbuka mmoja tu, kwa vile mteja wake mmoja Mkongomani alimwandikia jina. Aliucheza wiki nzima, mpaka mwisho kila mara. Asubuhi moja mchanganyiko ukamletea wa pili wa kanda, kisha wa tatu. Waliokuwa wanaupenda ule mmoja, huko waliko, walipenda na hizo nyingine, kama wateja wangu wa zamani. Ndiyo maana alisema inamjua. Ilimrudishia kanda yake.

Nilikuwa nimejionea wivu mwenyewe. Wiki tatu nzima.

"Sasa kwa nini uzifiche?" nikamuuliza. "Si ungeniita tu tusikilize."

Akanitazama, na kwa kweli alikuwa ananicheka na kulia kwa wakati mmoja. Akasema alikuwa anataka zinishtukize kwenye sherehe. Halafu akasema alikuwa ananiona. Kila jioni tangu wiki ya pili, kupitia dirisha la jikoni, ananiona nimeinama juu ya simu yake nabonyeza kwa hasira, ulimi nje. Hakujua nafanya nini lakini alijua naharibu. Kwa hiyo kila iliyokuja, kabla sijarudi kazini, aliificha.

"Nilikuwa nakufichia," akasema.

Nikakaa kwenye kigoda cha wateja. Nikaungama yote, kuruka, mioyo ya matarumbeta, mvua. Nilipofika kwenye mvua binti yetu alitoka nje, tukamsikia anacheka mpaka anakohoa. Mke wangu akanipiga na futi ya kupimia, mara mbili, mara ya pili kwa nguvu. Akasema nguo zilikuwa zimekauka. Nikasema najua. Akasema nilianua na wewe ukaanua. Nikasema ningefanya nini.

Binti alituambia tusitegemee mchanganyiko wa siku ile kuwa mzuri, maana mashine iliyopotoshwa wiki tatu hairudi njiani kwa asubuhi moja, itataka siku kadhaa za kusikiliza kwa uaminifu. Akazirejesha zote kumi na moja, akazipanga kwenye orodha kwa mpangilio nilioukumbuka wa kanda, upande wa kwanza na wa pili. Jioni zikapigwa uani kwetu chini ya maturubai, na wakwe zangu, watu wa kitabu na heshima zao, walicheza mpaka mmoja akapoteza miwani. Orodha ilipoisha hakuna aliyekumbuka kuizima. Programu ikaendelea yenyewe, na kwa kuwa ilinijua mimi vizuri kuliko mtu yeyote, ikaleta matarumbeta. Watu wakapanga mstari wakaizunguka nyumba.

Lakini kanda yangu ilikuwa na nyimbo kumi na mbili. "Yule wa Trekta" hakuwemo, na sisi jina lake halisi hatulijui. Mke wangu alikuwa bado anausubiri uje ndipo nilipoanza kazi yangu ya jioni. Inawezekana kabisa ulikuja. Inawezekana ulisimama mbele yangu, sauti imezimwa, nikahesabu tatu. Hilo ndilo lililoniuma kuliko ndoo na kila kitu.

Basi nikaanza kulipa. Kila jioni nikirudi tunakaa wawili chumba cha mbele, spika moja sikio langu na moja lake, tunasikiliza zile kumi na moja mpaka mwisho. Hatuvushi hata ule wa nane ambao siku hizi naona una makelele. Mioyo tumeweka sehemu zake. Mchanganyiko wa asubuhi ukaanza kupona, kwanza dansi moja katikati ya harusi, kisha tatu, kisha matarumbeta yakahamia kwenye mchanganyiko wao, ambao mke wangu amekataa tuufute kwa sababu ya kazi za Ijumaa.

Ilikuwa Jumapili, wiki kadhaa baadaye, tumetoka kanisani, tumekaa chumba cha mbele na mchanganyiko unacheza, bado na viatu. Ukaanza wimbo ambao jina lake sikulijua. Besi ikaguruma, ikakataa. Ikaguruma, ikakataa. Mke wangu akaacha kufungua kilemba. Mkono wangu ukaruka wenyewe kwenye simu, nabonyeza moyo, naificha, naandika jina, sijui hata nilitaka nini.

Akanishika kifundo cha mkono.

"Usiiguse," akasema. "Iache iishe."

Trekta likakubali kuwaka, na sisi tukasimama.